Uniti za Maji Zimelipiwa, Mita Haijaonyesha Kitu

Malipo ya mita ya maji ya malipo ya kabla hupita mikono mitatu kabla koki haijatoa maji. Kwanza fedha hutoka kwenye simu au kwa wakala na kuingia katika akaunti ya mamlaka ya maji, au ya kampuni inayouza uniti kwa niaba ya mwenye nyumba. Kisha mfumo wa mauzo hupiga hesabu, hukata kinachopaswa kukatwa, na kugeuza kilichobaki kuwa uniti. Mwisho uniti hizo hufikishwa kwenye mita yenyewe. Fedha zikikatwa na mita isibadilike, kazi ni kujua malipo yamesimama kwenye mkono upi, kwa sababu kila mkono una mtu wake wa kuulizwa, na aliyesimama dirisha lisilo lake ataambiwa kwa haki kabisa kwamba kwake hakuna tatizo.

Mkono wa tatu ndio unaotofautiana kutoka mita hadi mita. Zipo mita za tokeni, ambazo mnunuzi huletewa meseji yenye tarakimu 20 na kuzibonyeza mwenyewe, kama ilivyo kwa LUKU. Zipo za kadi au chipu, ambazo salio hubebwa na kadi hadi kwenye mita. Na zipo zinazopokea salio kwa mawimbi ya redio au mtandao wa simu bila mtu kugusa chochote. Makala hii inakaa zaidi kwenye mita ya tokeni, kwa kuwa ndiyo inayomwachia mteja kazi kubwa ya kukagua.

Ukaguzi huanzia kwenye kioo cha mita, si kwenye simu. Mita ya malipo ya kabla, au dira kama mamlaka za maji Tanzania zinavyoiita, huwa na hesabu mbili zinazosomwa na watu wengi kana kwamba ni moja. Hesabu ya kwanza ni maji yote yaliyokwisha kupita tangu mita ifungwe, nayo hupanda tu, haishuki. Ya pili ni salio, yaani uniti zilizobaki, nayo hushuka maji yanapotumika na kupanda uniti zinapoingia. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Anayelinganisha hesabu ya jumla ya jana na ya leo atasema mita haijapokea kitu hata kama imepokea, maana amesoma mstari usiohusika. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza lolote, salio huandikwa pembeni pamoja na saa, na alama ya kutoa ikiwepo isiachwe. Salio la -0.8 na la 0.8 ni vitu viwili tofauti, na ugomvi mwingi wa baadaye hutokana na kijistari hicho.

Kioo hicho hicho hujibu swali lingine linalochanganywa na hili. Uniti kutoingia si sawa na maji kutotoka. Ikiwa salio limepanda lakini koki ni kavu, malipo yamefika salama na tatizo ni jingine: ama kuna mgao na bomba la mtaa halina maji, jambo ambalo jirani atalithibitisha mara moja, ama valvu iliyo ndani ya mita haikufunguka. Valvu hiyo huendeshwa na mota ndogo ya betri. Hufunga salio likiisha na hufungua salio likirudi, na mchanga au betri iliyochoka huweza kuikwamisha. Mita iliyokwama hivyo huhitaji fundi wa mamlaka, na kununua uniti nyingine hakutaifungua.

Salio likiwa halijasogea, ndipo simu inaposomwa. Meseji zinazotakiwa ni mbili. Moja hutoka kampuni ya simu au benki, ikisema fedha zimekwenda. Nyingine hutoka kwa muuza maji, ikitaja namba ya mita, kiasi kilicholipwa, makato, uniti na tokeni. Meseji ya kwanza ikiwa peke yake, inathibitisha tu kwamba fedha zimetoka mfukoni. Haisemi zimepokelewa na nani. Hapo huangaliwa jina la mpokeaji lililoandikwa ndani yake, maana katika nyumba za kupanga mpangaji huweza kulipa kwenye namba ya zamani ya muuzaji aliyekwisha badilishwa. Jina likiwa sahihi na meseji ya pili haijaja, mara nyingi mfumo wa mauzo umechelewa kujibu. Tokeni huweza kuwa imeshatengenezwa na meseji yake kupotea njiani, au ombi kuwa bado linasubiri. Dawati la mauzo likipewa namba ya muamala na namba ya mita hutambua ni lipi kati ya haya mawili, na tokeni iliyokwisha tengenezwa hutumwa tena bila gharama.

Kulipa mara ya pili kwa matumaini kwamba safari hii itaingia ni kishawishi kikubwa, hasa usiku na ndoo zikiwa tupu. Kosa lake si kwamba fedha hupotea. Kilichozuia malipo ya kwanza huwa bado kipo, kwa hiyo ya pili hukwama vilevile, na mfumo ukiamka tokeni zote mbili huja pamoja. Aliyekuwa na shilingi 20,000 za chakula na maji sasa ana maji ya 20,000 na hana chakula, na ofisi haina sababu ya kumrudishia kwa kuwa imempa alichonunua. Afadhali kwanza kuangalia taarifa ya miamala: kampuni ya simu ikiwa imerudisha fedha yenyewe, hakuna tokeni itakayokuja, na hapo kulipa upya ni sawa.

Meseji yenye tokeni ikiwa ipo mkononi, swali huhamia kwenye vidole. Malipo ya maji huzungukwa na namba nyingi. Namba ya mita kwa kawaida ina tarakimu 11. Kumbukumbu namba ya malipo ya serikali ya Tanzania ina tarakimu 12 na huanza na 99. Namba ya muamala wa simu mara nyingi huchanganya herufi na tarakimu. Tokeni ina tarakimu 20, mara nyingi zikiandikwa kwa makundi ya nne nne, na nafasi au vistari kati ya makundi havibonyezwi. Mtu aliyebonyeza tarakimu 12 kwenye mita ameingiza kumbukumbu namba, na mita imefanya vyema kuikataa. Baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiingiziwa namba zisizo sahihi mara nyingi mfululizo. Ikifika hapo, kuendelea kubonyeza huongeza tu muda wa kusubiri.

Ili kuelewa kwa nini mita hukataa tokeni iliyobonyezwa sawasawa, inafaa kujua kilichomo ndani ya tarakimu hizo. Mita nyingi za tokeni hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilekile cha umeme wa kulipia kabla. Ndani ya tokeni mfumo huweka idadi ya uniti na dakika ambayo tokeni imetengenezwa, kisha hufunga vyote kwa ufunguo wa siri unaotokana, pamoja na mambo mengine, na namba ya mita hiyo. Ufunguo huo upo mahali pawili tu: kwenye mfumo wa mauzo na ndani ya mita husika. Mita ya jirani ikipewa tokeni hiyo haiwezi kuifungua, na kwake ni tarakimu zisizo na maana. Ile dakika nayo ina kazi. Mita huikumbuka kwa kila tokeni iliyoingia, hivyo tokeni ileile ikija tena hutambulika.

Maneno kwenye kioo hufuata mambo hayo, ingawa hutofautiana kwa mtengenezaji. `Accept` ni kwamba imepokelewa. `Used` ni kwamba imekwisha ingia, na hapa mara nyingi ukaguzi huishia, maana mwanafamilia mwingine aliiingiza mapema au kidole kilibonyeza mara mbili, na salio la juu lilikuwa tayari na hizo uniti. `Old` ni tokeni ya zamani kuliko zote ambazo mita bado inazikumbuka. `Reject`, au neno la namna hiyo, ni kwamba tarakimu zimekosewa au tokeni si ya mita hii.

Hiyo ya mwisho, tokeni si ya mita hii, hutokea kwa njia ambayo wengi hawaidhanii. Watu hufikiri walikosea tarakimu moja walipokuwa wakiandika namba ya mita kwenye simu. Ni nadra. Katika kiwango hicho tarakimu ya mwisho ya namba ya mita ni ya uhakiki: hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zinazoitangulia, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa hesabu haifungi, na mfumo unaofanya uhakiki huo hujibu kuwa namba haipo kabla ya kupokea fedha. Namba inayopita uhakiki huwa ni namba halisi ya mita halisi, ila si ile iliyokusudiwa. Chanzo chake ni namba iliyohifadhiwa kwenye simu. Ua lenye mita tatu, mwenye nyumba aliyewanunulia wapangaji wote kwa simu moja, au mpangaji aliyehama Temeke kwenda Ubungo akabaki na namba ya nyumba ya zamani, hao ndio wanaokutwa na tatizo hili. Njia ya kuhakikisha ni kulinganisha namba iliyo kwenye meseji ya tokeni na ile iliyochongwa kwenye bati au plastiki ya mita, kwa macho, tarakimu kwa tarakimu. Jina la mteja kwenye meseji hulisaidia jambo hilo, lakini katika nyumba za kupanga mita zote huweza kuwa na jina moja la mwenye nyumba.

Ipo sababu nyingine ya kukataliwa, ya kihistoria, inayozigusa mita zilizokaa bila kutumika. Dakika inayowekwa ndani ya tokeni ilikuwa ikihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo iliishia tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita ya STS duniani iliyokuwa ikitumia hesabu ya 1993 ilipaswa kubadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo. Watumiaji wa LUKU wanakumbuka mwaka huo walipoletewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kubadili ufunguo, na la tatu la uniti. Mita ya maji ya nyumba iliyokuwa imefungwa kipindi hicho chote, ikiwa ni ya hesabu ya zamani, itakataa kila tokeni mpya mpaka ipewe yale mawili ya kwanza kwa mpangilio wake. Na kinyume chake, tokeni iliyonunuliwa kabla ya ufunguo kubadilishwa na haikuingizwa, haitaingia tena baadaye, ikabidi ofisi itoe nyingine.

Mara nyingine mita haijakataa chochote kwa sababu haijasikia chochote. Mita nyingi za maji huwa nje, kwenye kisanduku karibu na geti, na kibonyezeo chake kikawa chombo cha pekee kinachokaa ndani na kuwasiliana nayo kwa redio. Chombo hicho kina betri zake. Kikiwa kimechoka au ukuta ukiwa mnene, tarakimu huingia kwenye chombo na kuishia hapo, huku salio kwenye kioo chake likiwa lile la mawasiliano ya mwisho. Chombo hubebwa hadi kwenye mita, betri hubadilishwa, na tokeni hubonyezwa pale pale kando ya kisanduku. Ni hatua ya dakika mbili, na inashangaza ni mara ngapi husahaulika.

Jambo ambalo mteja wa mita ya tokeni anapaswa kulielewa kuliko yote ni kwamba ofisi haioni mita yake. Njia ni ya upande mmoja. Mfumo wa mauzo unajua tokeni ilitolewa saa ngapi na kwa uniti ngapi, lakini haujui kama ilibonyezwa. Ndiyo maana karani husita kutoa tokeni mpya anapoambiwa ya kwanza imekataa: akitoa, zote mbili huweza kuingia. Atakachotoa bila ubishi ni nakala ya tokeni ileile, kwa kuwa mita haitaipokea zaidi ya mara moja. Anayetaka zaidi ya nakala lazima alete kile ambacho ofisi haikioni. Picha ya kioo kabla ya kubonyeza, picha ya neno la kukataa, na picha ya namba ya mita hufanya kazi ambayo maelezo marefu ya mdomo hayaifanyi.

Chukua mfano wa nyumba moja ya kupanga Kimara. Bei hapa ni ya mfano tu, shilingi 2,000 kwa uniti. Saa moja na dakika arobaini usiku mpangaji analipa 20,000. Kioo kinaonyesha -0.8, kwa kuwa mita yake hutoa maji kidogo ya dharura baada ya salio kuisha na kuyadai baadaye. Meseji ya kampuni ya simu inakuja mara moja, ya tokeni haiji. Halipi tena. Asubuhi anapiga dawati la mauzo, anataja namba ya muamala, na tokeni inatumwa upya. Anaibonyeza, mita inaikubali, na kioo kinaonyesha 6.2. Alitarajia 10. Anahisi uniti 3.8 zimeliwa.

Meseji ya tokeni ina jibu la sehemu kubwa. Nyumba ilikuwa na deni la zamani, na ofisi ilikubaliana na mwenye nyumba kukata asilimia 30 ya kila manunuzi hadi liishe. Asilimia 30 ya 20,000 ni 6,000, zikabaki 14,000, ambazo ni uniti 7.0. Mita nayo ilipopokea 7.0 ilijilipa kwanza 0.8 ya dharura, ikabaki 6.2. Hesabu imefunga, hakuna kilichopotea njiani, na ugomvi uliobaki ni wa deni, ambao mpangaji ataupeleka kwa mwenye nyumba na si kwenye dawati la tokeni. Kama kioo kingeonyesha 5.2, hapo pangekuwa na uniti moja isiyo na maelezo, na malalamiko yangekuwa na kitu cha kushika.

Mita za kadi huweka mtego mwingine. Salio huweza kuwa kwenye akaunti ya mteja lakini bado halijahamia kwenye kadi, au liko kwenye kadi na halijahamia kwenye mita. Kwenye vibanda vya maji vya kadi, kama vile vilivyoanzishwa Mathare jijini Nairobi mwaka 2015, na kwenye vituo vya chipu vijijini Tanzania, fedha zilizolipwa kwa simu huhitaji kadi iguse kisomeo ndipo zionekane. Kadi ikiondolewa haraka kabla ya kisomeo kumaliza kuandika, salio hubaki nusu safari. Kuigusisha tena na kuishikilia hadi kioo kitulie ndiyo hatua ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Kwa mita zinazopokea salio kwa mawimbi, hali ni kinyume cha tokeni: ofisi inaona zaidi ya mteja. Tatizo ni usingizi. Ili betri idumu miaka kadhaa, mita za aina hii hulala muda mwingi, na zile za mtandao wa redio wa LoRaWAN kwa kawaida husikiliza kwa sekunde chache tu baada ya zenyewe kutuma taarifa. Mita inayotuma taarifa kila baada ya saa sita huweza kukaa karibu saa sita bila kujua kwamba imelipiwa. Baadhi zina kitufe au alama ya kugusa kwa sumaku inayoziamsha zitume taarifa papo hapo, na fundi wa eneo huijua. Swali la kuuliza ofisini ni wakati gani mita iliwasiliana mara ya mwisho. Ikiwa iliwasiliana baada ya malipo na salio halikupanda, agizo limekwama kwenye mfumo. Ikiwa haijawasiliana kwa siku mbili, tatizo ni betri, antena, au kisanduku kilichojaa maji ya mvua.

Malalamiko yasipotatuliwa na mtoa huduma, kwa mamlaka za maji za mijini Tanzania hatua inayofuata ni EWURA, na Kenya ni Wasreb, lakini wote wawili huanza kwa kuuliza kama mtoa huduma alipewa nafasi ya kujibu kwanza. Fedha zilizokwama kwenye simu bila kumfikia muuzaji ni suala la kampuni ya simu, na mdhibiti wa maji hatalishughulikia.

Hali moja hubaki, nayo ni mita kubadilishwa kukiwa na tokeni isiyoingizwa au salio ambalo halijaisha. Mita mpya ina namba mpya na ufunguo mpya, kwa hiyo tokeni ya mita ya zamani imekufa, na salio la zamani halihami lenyewe. Kioo cha mita ya zamani husomwa na kupigwa picha fundi akiwa bado hajafungua nati, hesabu zote mbili, na ofisi hutoa tokeni ya salio hilo kwa mita mpya. Kioo kikiwa kimezimika, salio hupatikana kwa njia ndefu: uniti zote zilizoingizwa tangu mita ifungwe, kwa mujibu wa kumbukumbu za mauzo, hutolewa maji yote yaliyopita kwa mujibu wa hesabu ya jumla, ambayo kwenye mita nyingi hubaki kwenye magurudumu ya tarakimu hata umeme wa ndani ukikatika. Nyumba iliyoingiza uniti 112.0 na magurudumu yakasoma 104.6 inadai 7.4, mradi mita ilianza kwenye sufuri na haikupewa uniti za bure siku ilipofungwa.